Faida ya mashine ya mpunga: ipi ni ya kuchukua, ipi ni ya kurudisha

Nimekoboa mpunga Igurusi kwa miaka 11 kabla ya kuuza mashine. Nawaandikia mnaofungua sasa hivi, kwa sababu kosa nililolifanya mwanzoni naliona kila kijiji: mtu anahesabu fedha zilizobaki sandukuni na kuziita faida.

Mwaka mmoja wa kawaida niliingiza shilingi milioni 48 za kukoboa. Umeme, vibarua, rola za mpira, mafuta ya mashine na kodi vilikula milioni 27. Zikabaki milioni 21, na kwa miaka mingi niliamini hizo zote ni zangu. Lakini mimi mwenyewe nilishinda mashineni kutwa. Ningemwajiri msimamizi ningemlipa 500,000 kwa mwezi, yaani milioni 6. Jengo lilikuwa langu. Ningelipangisha kwa 200,000 kwa mwezi, milioni 2.4. Mashine niliinunua milioni 30 na inachoka baada ya miaka kama 10, kwa hiyo kila mwaka inaliwa milioni 3. Toa vyote hivyo, faida ya biashara yenyewe ni milioni 9.6. Milioni 6 ni ujira wako na milioni 2.4 ni pango lako, chukua bila wasiwasi. Milioni 3 za uchakavu usiziguse, ni za mashine ijayo.

Sasa hiyo milioni 9.6, irudi au itoke? Kwanza usiitoe Agosti. Huku mavuno yanaleta foleni ya magunia, fedha inaonekana nyingi, halafu Februari mashine inalala siku nzima huku mshahara wa mlinzi na wa fundi ukiendelea. Nilijengea nyumba fedha za Agosti, mota ikaungua Februari, nikakopa kwa riba kubwa ili niirudishe kazini. Tangu hapo nilitenga kwanza gharama za miezi sita ambayo kazi ni chache pamoja na bei ya mota moja ya akiba. Kinachozidi hapo ndicho cha kuamulia.

Kila mradi niliupima na hati fungani za Serikali, ambazo Benki Kuu huziuza kwa mnada. Kipimo changu kilikuwa asilimia 12 kwa mwaka: mradi usiofika hapo niliuacha. Msimu mmoja wateja walikuwa wakiondoka kwa foleni, nikatamani mashine ya pili ya milioni 30. Kijana wangu aliandika daftarini kila anayeondoka: magunia kama 40 kwa siku, kwa siku 60 tu za mwaka. Kwa 4,000 kwa gunia ni milioni 9.6. Nusu ni gharama za kukoboa, milioni 3 ni uchakavu, inabaki milioni 1.8. Hiyo ni asilimia 6. Sikununua.

Badala yake nilimwaga sakafu ya zege ya kuanikia kwa milioni 6. Mpunga ulioanikwa ardhini haukauki sawasawa, huku umekauka sana na kule bado una unyevu mwingi, kwa hiyo hukatika na kutoa chenga nyingi; unyevu ukilingana karibu asilimia 14 punje zinatoka nzima. Wakulima waliona tofauti kwenye mchele wao, nikapata magunia 900 zaidi kwa mwaka. Baada ya gharama na uchakavu ilibaki kama milioni 1.5, robo ya fedha niliyoweka. Mradi kama huo ndio unaostahili faida yako. Ukikosa wa namna hiyo, toa fedha, usiilazimishe ibaki.

Hesabu ileile ndiyo iliyoniuzia biashara. Mnunuzi kutoka Makambako hakuuliza mauzo, aliuliza, “Ukiondoka wewe, mzee, kinabaki nini?” Akachukua faida ya miaka mitatu ya madaftari, kwa sababu mwaka mmoja wa maji mengi au machache katika bonde letu la Usangu unadanganya. Wastani wake ulikuwa milioni 9.6 ileile. Biashara ndogo inayomtegemea mwenyewe hatainunua mtu kwa faida ya miaka kumi. Yeye alitaka mtaji wake urudi ndani ya mitatu, ikawa milioni 28.8. Jengo sikuliuza, nilimpangishia, na ndiyo maana pango lilitolewa kabla. Ukiuza biashara na jengo, lipime jengo peke yake. Usiliweke mara mbili. Kisha toa madeni.

Upande wa chini kuna bei ya vifaa vikiuzwa kimoja kimoja. Vyangu fundi alivikadiria milioni 20. Faida mara tatu ingeangukia chini ya hapo, ningeuza vifaa na kufunga.

Mnunuzi aligundua rola zimechakaa, kwani mwaka wa mwisho sikuzibadilisha ili faida ing'ae. Alikata milioni 1.8, kwa haki kabisa. Tukafunga kwa milioni 27: 20 siku ya kusaini, baada ya mimi kumwonyesha kwamba sidaiwi kodi, na 7 baada ya msimu mmoja ambao nilikaa naye mashineni nikimtambulisha kwa wakulima.