Pweza Kilo 5, Sahani 13: Tulivyobadilisha Menyu ya Msimu wa Kusi

Mkahawa wetu uko Mji Mkongwe, Unguja, na menyu yake hubadilika mara mbili kwa mwaka. Menyu ya Juni ndiyo inayonikosesha usingizi, kwa sababu wageni huanza kumiminika wakati uleule ambao kusi linavuma, bahari imechafuka, vyombo vidogo haviendi mbali, nguru amekuwa haba na maembe tuliyoyategemea tangu Desemba yamekwisha. Kwa hiyo majaribio yote nayafanya mwezi wa Mei, masika yakiwa bado yananyesha na meza nyingi zikiwa tupu. Ukisubiri hadi Juni, utakuwa unamjaribia mgeni aliyelipa.

Mwaka ambao nilijifunza zaidi ni ule tulioamua kumwondoa nguru wa kupaka na kumweka pweza wa nazi. Pweza hutegemea zaidi bamvua kuliko upepo: mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hutoka sana, miamba huachwa wazi, na watu hushuka kuwatafuta kwa miguu. Yakija maji mafu, pweza hupungua sokoni na bei hupanda. Mpishi asiyeitazama kalenda ya mwezi atapanga bei ya sahani yake siku ya neema, kisha atashangaa kwa nini faida inayeyuka wiki inayofuata.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kwenye mizani. Siku ile tulinunua pweza kwa shilingi 15,000 kwa kilo, nami nikapiga hesabu kwamba sahani yenye gramu 180 za pweza itanigharimu shilingi 2,700. Hesabu ilikuwa sahihi, ila nilikuwa nimempigia bei pweza mbichi, ilhali mgeni analetewa pweza aliyeiva. Tulipochukua kilo 5, tukamsafisha kwa kutoa matumbo, macho na mdomo, zikabaki kilo 4.4. Tulipomchemsha hadi akalainika, akanywea, na mizani ikasoma kilo 2.4 tu. Ukigawa kilo 2.4 kwa gramu 180 unapata sahani 13 na kipande kidogo cha kuonja. Shilingi 75,000 kwa sahani 13 ni karibu shilingi 5,770 kila moja, yaani zaidi ya mara mbili ya nilivyodhani.

Tangu hapo hakuna chakula kinachoingia kwenye menyu yetu kabla ya kupimwa mara tatu: kikiwa kibichi, kikiwa kimesafishwa na kikiwa kimeiva. Vipimo hivyo naviandika kwenye kadi ya mapishi, wala sivichukui kwa mpishi mwingine, kwa kuwa pweza wake si wangu na chungu chake si changu.

Tukaongeza nusu ya nazi kwa sahani, shilingi 750. Nyanya, vitunguu, ndimu, bizari na mafuta, shilingi 900. Na wali, shilingi 600. Jumla ikawa shilingi 8,020. Tunataka malighafi isizidi asilimia 35 ya bei kabla ya kodi, hivyo bei iliyotoka ilikuwa shilingi 23,000. Nusura niichape. Aliyenizuia ni dada anayetunza stoo, aliyeuliza maji mafu tutanunua kwa bei gani. Tukafungua daftari la manunuzi, tukaona kilo iliwahi kufika shilingi 20,000. Kwa bei hiyo gharama ya sahani inakuwa karibu shilingi 9,940, ambayo ni asilimia 43 ya shilingi 23,000. Tukapanda hadi shilingi 26,000: siku nzuri malighafi ni asilimia 31, siku mbaya ni asilimia 38, na msimu kwa jumla unasimama. Pamoja na hayo tukaamua kununua kwa wingi wakati wa bamvua na kugandisha. Pweza hapungukiwi kitu kwa kugandishwa. Barafu humsaidia hata kulainika.

Kwenye kuonja, ushauri wangu ni kutoamini sufuria ya kwanza. Mimi nilipika kwa watu wanne, wote wakasifu. Kisha nikampa kadi kijana wa zamu ya usiku apike sahani 20 bila mimi kumsemesha, na huko ndiko kasoro zilikojitokeza. Alitia tui lote kwa pamoja, akaacha mchuzi utokote huku akishughulikia oda nyingine, na tui likakatika: juu mafuta yanaelea, chini chembechembe nyeupe kama maziwa yaliyoganda. Kijana hakuwa na kosa. Kadi yangu ilisema "tia tui", basi. Nikaiandika upya: pweza na viungo vichemke kwenye tui jepesi, na hatua hiyo imalizwe mchana, kasimile itiwe wakati wa oda tu, moto ukiwa mdogo, mwiko ukizunguka, na chungu kiepuliwe kabla ya kutokota. Kwa mpango huo sahani ikawa inatoka kwa dakika 9, badala ya 25 za mwanzo. Baada ya hapo tukaiuza wiki moja kwa kuiandika ubaoni, kabla ya kuiingiza kwenye menyu.

Wahudumu niliwafundisha siku mbili, na siku ya kwanza haikuwa na maneno mengi: walikaa mezani kama wageni na wakala sahani nzima. Mhudumu ambaye hajakila chakula atasema ni kizuri sana, na mgeni hapati chochote cha kumsaidia kuamua. Siku ya pili tulijibizana maswali yanayoulizwa kweli: kina pilipili kiasi gani, kinafaa kwa asiyekula ngano, na yule ambaye hajawahi kula pweza aambiwe nini. Tulikubaliana asidanganywe kwamba ni kama samaki. Aambiwe nyama yake ni laini lakini ina mvutano kidogo mdomoni.

Kuondoa vyakula vya zamani kunahitaji kuanza mapema. Wiki tatu kabla, niliacha kuagiza vitu vinavyotumika kwenye sahani moja tu, na nikahesabu friza: kulikuwa na kilo 11 za nguru. Hizo tuliziuza kama chakula cha mchana hadi zikaisha, tarehe 29 Mei. Saladi ya embe na kamba niliiondoa ingawa ilikuwa ya pili kwa mauzo, kwa sababu embe la mwisho wa msimu lina nyuzi na mgeni aliyeipenda Januari angeletewa kitu kingine chenye jina lilelile. Supu ya maboga, inayouzwa kidogo, niliibakiza: maboga yanakaa stoo bila kuoza na tui lake ni lilelile la pweza.

Kuna mzee mmoja ambaye kila Ijumaa baada ya sala huja kula nguru wa kupaka. Sikutaka alisome jambo hilo kwenye karatasi. Nilimwendea mezani wiki mbili kabla.

"Shikamoo, mzee. Nguru tunampumzisha hadi kaskazi irudi."

"Marahaba, mwanangu. Na mimi nitakula nini?"

Nilimletea bakuli dogo la pweza. Alikula polepole, akachovya mkate kwenye mchuzi hadi bakuli likawa jeupe, kisha akaniambia ndimu imezidi. Nilirudi jikoni, nikaonja, na kwenye kadi nikapunguza ndimu kutoka mbili hadi moja na nusu kwa kila kilo.