Kaye inasema faida dola 800, sanduku lina 84

Ujumbe uliingia jioni ya tarehe 30 mwezi wa 6, sikukuu ya uhuru, depo zimefungwa na mtu ana nafasi ya kuhesabu. Ni kijana anayeuza mafuta ya kula, sukari na unga karibu na soko la Kenya, hapa Lubumbashi. Aliandika: "Yaya, kaye inaniambia nimepata faida ya dola 800 mwezi huu. Nimefungua sanduku, nimehesabu na pesa ya kwenye simu, naona 84. Huyu mtoto wa mjomba ninayemwachia depo ananiibia, sivyo?"

Nilimwomba asimguse mtoto wa watu mpaka tupige hesabu. Ninyi mnaouza kwa jumla na rejareja mnajua jinsi undugu unavyovunjika kwa swali la namna hii. Mara nyingi hakuna aliyeiba, ila kaye, yaani daftari la hesabu, na sanduku la pesa vinajibu maswali mawili tofauti. Kaye inasema umeuza kwa bei gani kitu ulichokinunua kwa bei gani. Sanduku linasema ni pesa ngapi imeingia mkononi na ngapi imetoka, na siku gani.

Kaye yake ilikuwa safi, nampa haki yake. Mauzo ya mwezi yalikuwa dola 6,000. Mwanzo wa mwezi alikuwa na mali ya dola 2,100 depo, akanunua ya 5,600, na mwisho wa mwezi akahesabu iliyobaki akapata 2,800. Aliihesabu kwa bei aliyonunulia, na ndivyo inavyotakiwa. Anayehesabu mali iliyobaki kwa bei ya kuuzia anajiandikia faida ya vitu ambavyo bado havijauzwa. Chukua 2,100, ongeza 5,600, toa 2,800: mali iliyouzwa ilimgharimu 4,900. Kwa hiyo kabla ya gharama alibaki na 1,100. Akatoa 200 za mshahara wa kijana, wabebaji mizigo, umeme na kodi ya soko, akatoa na 100 za pango la mwezi huo. Faida ni 800, na ni ya kweli.

Sasa tulifuata pesa yenyewe. Tarehe 1 sanduku lilikuwa na dola 1,500. Tatizo la kwanza liko kwenye yale mauzo ya 6,000, kwa sababu 4,200 tu ndizo zilizolipwa papo hapo. Zile 1,800 ni deni: mama wauzaji wa mitaani wanaochukua bidoni za mafuta asubuhi, na wafanyakazi wa migodi wanaosubiri mshahara wa mwisho wa mwezi. Madeni ya zamani yaliyolipwa mwezi huo yalikuwa 300 tu. Maana yake faida ilihesabu 6,000, sanduku likaona 4,500. Pengo la 1,500 hapo hapo.

Nataka mkae kidogo kwenye hili la deni, maana ndilo linaloua depo nyingi huku mwenyewe akijisifu kwamba biashara inakwenda. Bidoni moja ya lita 20 kijana huyu anainunua kwa dola 30, anaiuza kwa 35. Akiiuza kwa deni, kaye inaandika faida ya dola 5 siku ile ile. Lakini sanduku limeshatoa 30 na halijapokea chochote. Ili arudishe rafuni bidoni nyingine kwa kutumia faida peke yake, lazima auze bidoni sita kwa pesa taslimu. Kwa hiyo akiongeza mauzo ya deni mara mbili, kaye itafurahi mara mbili, na sanduku litakauka haraka zaidi. Nimeona watu wanapongezana kwa mauzo makubwa wiki ile ile wanayokosa pesa ya gari la kwenda mpakani Kasumbalesa kununua mali.

Mali ndiyo iliyofuata. Alikuwa amesikia kwamba bei ya mafuta itapanda mpakani, akajaza. Ndiyo maana akiba ya depo ilipanda kutoka 2,100 hadi 2,800. Zile dola 700 za ziada hazikuibwa, zimesimama rafuni kwa sura ya bidoni na mifuko ya sukari. Faida haizioni kabisa, kwa sababu kitu kisichouzwa hakiingii kwenye hesabu ya faida. Sanduku ndilo linalozilipia.

Lakini hakulipa mali yote. Muuzaji wake wa Kasumbalesa alimwachia mali ya dola 800 ailipe tarehe 12 mwezi wa 7. Kwa hiyo katika ile 5,600 alilipa 4,800 tu. Hili lilimsaidia sanduku mwezi wa 6, na ndilo lililomficha ukweli. Bila ya lile deni, angekwama katikati ya mwezi, na angejiuliza maswali mapema.

Pango lilikuwa fupi kuelezeka: mwenye nyumba alitaka miezi sita mbele, wa 7 hadi wa 12, dola 600. Kaye kwa haki ilichukua 100 za mwezi wa 6 peke yake, ambazo alishazilipa zamani, sanduku likatoa 600 siku moja. Na mwisho kuna matumizi ya nyumbani, 310, aliyoyaandika nyuma ya kaye. Alifanya vizuri kutoyachanganya na gharama za depo, kwa sababu chakula cha nyumbani si gharama ya biashara. Ila pesa ni ile ile, imetoka kwenye sanduku lile lile.

Hesabu basi: 1,500 za mwanzo, ongeza 4,500 zilizoingia, ni 6,000. Toa 4,800 za mali, 200 za gharama, 600 za pango na 310 za nyumbani. Inabaki 90. Yeye alikuta 84.

Dola sita zile tulizitafuta pia, na hapa hesabu inashuka kwenye noti zenyewe. Wateja wake wengi wanalipa kwa franka. Anaandika kwenye kaye kwa kiwango cha asubuhi, anakaa na franka siku tatu au nne, kisha anabadilisha kununua dola za kwenda mpakani kwa kiwango kingine. Kila mara kiwango kikipanda anapoteza kidogo. Na kati ya noti zake kulikuwa na ya dola 20 iliyochanika pembeni, mpasuko mdogo kama ukucha. Mjini kwetu noti hiyo muuzaji anaikataa, na mbadilisha pesa anaipokea kwa kupunguza thamani yake. Aliiandika 20, akapewa pungufu. Dawa yake ni kuandika franka kwa franka na dola kwa dola katika safu mbili, na kuandika hasara ya kubadilisha siku ile ile unapobadilisha. Na kijana wa depo afundishwe kukagua pembe za noti kabla ya kutoa mzigo. Basi, mtoto wa mjomba hakuiba hata senti.

Sasa, ukijua pesa imekwenda wapi, kazi haijaisha. Tarehe 12 inakuja na dola 800, na sanduku lina 84. Hapo ndipo faida haikusaidii, tarehe ndizo zinazokusaidia. Tulichora karatasi ya siku kumi na mbili. Mauzo yake ya taslimu ni karibu dola 140 kwa siku, yaani 1,680 kwa siku hizo. Ongeza 84, anakuwa na karibu 1,760. Toa 800 za muuzaji, na kama 200 za gharama na nyumbani. Anabaki na 760 za kununulia mali.

Je, zinatosha? Akiendelea kutoa deni kama zamani, atauza karibu dola 200 kwa siku, na mali itakayotoka depo itakuwa imemgharimu karibu 1,960. Akirudishia 760 tu, anapungukiwa 1,200. Ile ziada ya 700 haitoshi, rafu zitaanza kuonyesha mbao. Akisimamisha deni jipya mpaka tarehe 12, mali itakayotoka ni ya karibu 1,370. Anapungukiwa 610, na ziada ya 700 inazibeba zote. Kwa hiyo uamuzi ulijitokeza wenyewe: hakuna deni jipya kwa siku kumi na mbili, anauza kwanza alichojaza, ananunua kidogo kidogo kile kinachoisha. Mteja mzuri wa deni anaambiwa mapema, kwa heshima, na anaambiwa tarehe ya kurudi. Kumnyamazia halafu kumkatalia mbele ya watu ni kumfukuza.

Kisha nilimwambia afungue daftari la madeni na aligawe kwa umri. Wateja wanadaiwa jumla 2,250. Za mwezi wa 6 ni 1,800, nyingi zitalipwa migodi ikilipa. Zile 450 zilizobaki ni za mwezi wa 5 na kurudi nyuma, na hizo ndizo zinazoniumiza moyo. Faida yake imeshaandikwa tangu zamani, na kama hazitalipwa, lazima siku moja ziandikwe hasara. Akizifuta leo zote, ile faida ya 800 inakuwa 350. Ndugu zangu, deni lililopita siku sitini bila hata senti kurudi, msiliite mali. Mfuateni mwenyewe nyumbani kwake, mkubali alipe kidogo kila Jumamosi, na mwandike kila anacholeta mbele ya macho yake.

Mtu asidhani haya ni mambo ya kampuni kubwa. Kanuni za OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, ambazo Kongo inazifuata tangu 2012, zina utaratibu wa wafanyabiashara wadogo unaoitwa SMT. Unaandika pesa inayoingia na inayotoka tu, kisha mwisho wa mwaka unarekebisha kwa vitu vile vile tulivyovifuata: mali imeongezeka au imepungua kiasi gani, wateja wanadaiwa zaidi au pungufu, na wewe unadaiwa kiasi gani na wauzaji. Mimi nasema usisubiri mwaka, fanya kila mwisho wa mwezi, kazi ya jioni moja.

Jambo la mwisho nililomwonya linakwenda kinyume na hili lote. Kuanzia mwezi wa 7 hadi wa 12 kaye itaendelea kutoa 100 za pango kila mwezi, lakini sanduku halitatoa kitu, kwa sababu ameshalipa. Sanduku litaonekana nono kuliko faida, na hapo ndipo watu wananunua simu mpya. Zile 100 azitoe sandukuni kila mwezi na kuziweka pembeni, kwa sababu mwezi wa kwanza mwenye nyumba atarudi kudai 600 nyingine kwa mkupuo.