Siku 3 zilizogeuka 8: kukagua picha ya cheti cha mapumziko

Swali: Habari za kazi. Niko idara ya rasilimali watu. Mfanyakazi amenitumia kwa WhatsApp picha ya cheti cha mapumziko ya ugonjwa, siku 8. Tarehe ya mwisho ina wino mzito kidogo, na kichwa cha barua cha kliniki kinaonekana kama kimebandikwa. Nikague nini kabla sijamwita mtu nikamtuhumu bure?

Jibu: Anza na kalenda, macho yafuate baadaye. Wengi hukimbilia kukuza picha, na mtu aliyekwisha kushuku huona kasoro popote anapotazama. Hesabu haina upendeleo.

Tuchukue cheti kilichoandikwa kwa kalamu hivi: “Mapumziko siku 8, kuanzia 12/03/2025 hadi 19/03/2025. Aripoti kazini 17/03/2025.” Hesabu siku ya kwanza na ya mwisho pamoja: 12 hadi 19 ni siku nane kamili. Ukiishia hapo, cheti kimepita. Sasa soma mstari wa kuripoti. Daktari gani anampa mtu mapumziko hadi tarehe 19, kisha anamrudisha kazini tarehe 17? Jaribu kuweka 3 mahali pa 8, na 14 mahali pa 19. Tarehe 12, 13 na 14 ni siku tatu; tarehe 14 ilikuwa Ijumaa, na 17 Jumatatu. Kila kitu kinakaa mahali pake.

Tazama pia kwa nini ni tarakimu hizo. Tatu hugeuka nane kwa kufunga matundu yake mawili upande wa kushoto. Nne iliyoandikwa ikiwa wazi juu hugeuka tisa kwa kufunikwa kwa mstari mmoja. Lakini 17 haigeuki 20 kwa kuongeza mistari, kwa hiyo aliyechezea cheti ama aliisahau, ama aliiacha akiomba usiione. Kabla ya kufurahi, hakikisha mstari huo unasema kuripoti kazini. Ikiwa 17 ni tarehe ya kurudi kliniki kuangaliwa, hakuna mgongano wowote. Na kama idadi ya siku imeandikwa pia kwa maneno, yasome kwanza: “tatu” haigeuki “nane” kwa kalamu.

Hapo ndipo picha inapofaa. Kuza 8 na 9 zenye shaka, kisha tafuta tarakimu nyingine za mwandiko uleule kwenye karatasi hiyohiyo: namba ya jalada, umri, namba ya simu. Mtu anayeandika nane kwa mkupuo mmoja ataacha mstari unaokatiza katikati. Nane iliyozaliwa na tatu huwa na viungo viwili pembeni, na mara nyingi wino huwa mweusi zaidi pale mstari mpya ulipopita juu ya wa zamani, au ncha huchomoza kidogo nje ya duara. Wino mzito peke yake si kitu. Kalamu ya mpira huvuja, na daktari naye hukosea. Ila anayesahihisha kwa halali kwa kawaida hukata kosa, huandika upya kando na kuweka sahihi fupi.

Ikiwa tarehe zilibadilishwa ndani ya simu badala ya kalamu, dalili ni nyingine. Picha ya karatasi ina chengachenga na ukungu kidogo kila mahali, hata kwenye herufi. Tarakimu iliyopachikwa huwa safi kupita jirani zake, au imekaa kwenye kiraka laini kisicho na chengachenga. Tarakimu mbili za mkono zinazofanana hadi kila mkunjo ni nakala, maana hakuna mkono unaorudia vile.

Kwa kichwa cha barua, acha kutazama nembo. Fuata mkunjo wa karatasi na kivuli. Karatasi iliyokunjwa huvunja kila kilichoandikwa juu yake, nembo ikiwemo. Mkunjo ukipita katikati ya anwani na herufi zisiyumbe hata kidogo, una sababu ya kuuliza. Kivuli cha mkono au simu nacho hakina budi kupita juu ya kichwa cha barua kama kinavyopita sehemu nyingine. Tazama na weupe: ukanda wa juu ukiwa mweupe wa bluu na chini kuna weupe wa njano, na mpaka wake ni mstari ulionyooka, kuna kitu. Mhuri uliopachikwa mara nyingi huja na kisanduku hafifu kuuzunguka, na hufunika sahihi badala ya kuchanganyika nayo.

Lakini programu za kuskani kwa simu hufanya mengi ya haya bila hila yoyote. Hunyoosha karatasi, hufuta kivuli, hung’arisha weupe na kukoleza herufi. Nyingine hung’arisha kwa vipande, ndiyo maana juu na chini hutofautiana. Muulize mhusika alivyoipiga picha. Jibu la “niliskani” linaweza kumaliza nusu ya shaka zako.

Taarifa zilizofichwa ndani ya faili, kama tarehe ya picha na programu iliyoipitia, zitakusaidia tu kama picha imetumwa kama hati au kwa barua pepe. WhatsApp ikituma kama picha ya kawaida huondoa taarifa hizo na kuibana picha upya, hivyo kutokuwepo kwake si dalili ya chochote. Ukipata faili ya awali, isome kwa programu ya exiftool, ukiandika amri hii kwenye kompyuta:

```
exiftool -DateTimeOriginal -ModifyDate -Software cheti.jpg
```

Jina la programu ya kuhariri likitokea, linaonyesha faili ilipitia humo. Huenda alikata kingo tu. Tovuti zinazopaka picha rangi kuonyesha “palipochezewa” ziache. Picha iliyobanwa upya huzichanganya, na kingo za herufi nyeusi juu ya karatasi nyeupe hung’aa hata kwenye cheti safi. Isitoshe, utakuwa umepeleka habari za ugonjwa wa mtu kusikojulikana.

Kuhusu kliniki, usipige namba iliyo kwenye cheti. Aliyebandika kichwa cha barua anaweza kubandika na namba ya rafiki yake. Tafuta namba kwa njia nyingine, kama orodha ya vituo vilivyosajiliwa au vyeti vya zamani vya kliniki hiyo vilivyomo kwenye mafaili yenu. Jina la daktari na namba yake ya usajili vitafute kwenye daftari la baraza la madaktari. Anwani ya zamani isikushtue sana; kliniki huhama na kuendelea kutumia vitabu vilivyokwisha kuchapwa. Kinachoshtua ni mhuri wenye jina moja na kichwa cha barua chenye jingine.

Ukiwapata, usiulize mtu anaumwa nini. Hawapaswi kukwambia, na wewe huhitaji. Wasomee namba ya cheti na tarehe kilipotolewa, kisha uliza: je, kimetoka kwenu, na kwenye kumbukumbu zenu kina siku ngapi? Wengine hawatajibu bila idhini ya mgonjwa kwa maandishi, kwa hiyo iombe mapema.

Wakati huohuo mwombe mhusika karatasi halisi, kwa maneno yaleyale unayomwambia kila mtu. Ikifika, ishike chini ya mwanga unaotoka ubavuni, kisha igeuze nyuma. Kalamu huacha mfereji kwenye karatasi, na mistari iliyoongezwa siku nyingine, juu ya meza nyingine, mara nyingi huwa na kina tofauti. Kama kliniki hutumia vitabu vya kaboni, mambo ni mepesi zaidi: nakala iliyobaki kitabuni bado ina 3 na 14, maana nyongeza ya nyumbani haikuwahi kuifikia.