Bomba limeacha kuvuja, ila kazi haijaisha

Wadogo zangu mnaoanza ufundi bomba, mmenichosha na simu za jioni. Kijana anabadilisha kipande kilichopasuka, anaunga vizuri kabisa, anafukia, analipwa, anaondoka. Jua halijazama mwenye nyumba anapiga: "Fundi, mbona maji yanatoka kama chai?" Kiungo ni kizima. Uchafu ni ule mlioufungulia njia ya kwenda jikoni.

1. Jueni kwanza kinachotoka

Chukua glasi nyeupe, jaza, weka mezani, usiiguse. Maji yakiwa meupe kama maziwa, kisha yakaanza kung'aa kutoka chini kwenda juu na kutakata ndani ya dakika chache, hiyo ni hewa. Iliingia ulipokata bomba, presha ikaiminya, sasa inajitoa kwa viputo vidogo. Haina madhara, na ukiacha koki wazi kwa muda itaisha.

Maji ya kahawia ni habari nyingine. Mabomba ya chuma, hata yale ya barabarani, yana kutu na tope laini lililolala ndani miaka mingi. Maji yakienda kwa mwendo uleule wa kila siku, tope halisumbuki. Ukifunga, bomba likabaki tupu, kisha ukafungua kwa kishindo, maji yanapita kwa kasi ambayo tope hilo halijawahi kuionja, nalo linanyanyuka lote. Hapo ongeza udongo ulioingia shimoni na chenga za plastiki za msumeno wako. Ukiona punje zinatua chini ya glasi, hilo ni tope au kutu.

2. Fungua polepole, na uchague maji yatokee wapi

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo mnapoumiza watu.

Kuna kijana mmoja ninayempenda sana, mkono wake ni mwepesi kuliko wa wengi. Aliitwa kwenye nyumba yenye bomba la robo tatu inchi kutoka kwenye mita ya maji hadi ndani, urefu kama mita 30 hivi. Bomba la poli lilikuwa limepasuka karibu na geti. Shimo lilikuwa limejaa maji ya tope, naye akakata bila kuyachota, kwa hiyo bomba likanywa lile tope. Akaunga, akarudi kwenye mita, akazungusha geti valvu mpaka mwisho kwa mkupuo mmoja. Koki zote ndani zilikuwa zimefungwa. Mahali pekee palipokuwa wazi ni floti ya tanki, na kwa kuwa tanki lilikuwa limepungua, mchanga wote wa kwanza uliingia humo. Kisha akaenda jikoni kufungua koki ya miksa. Maji yakatoka ya kahawia, yakapungua, yakawa uzi. Akamwambia mama mwenye nyumba kwamba presha ya mtaa ni ndogo leo. Akafungua na bafuni upande wa moto, ili "yasafishe haraka", na tope likaingia kwenye hita.

Mama akaanika mashati meupe ya shule yakiwa na madoa ya manjano. Akayatia Jik, na klorini ikaigandisha ile kutu kwenye nyuzi, madoa yakawa mabaya zaidi. (Madoa ya kutu hutolewa kwa limau na chumvi, kamwe si kwa Jik. Mwambieni mteja kabla hajafua.)

Kesho yake tulirudi wote wawili. Tulipofungua chujio la mdomoni mwa koki ya jikoni tulikuta chenga nyeusi za poli na mchanga vimeziba karibu wavu wote. Presha ya mtaa haikuwa na shida yoyote. Tukalazimika kumwaga tanki, kusugua chini, kutoa maji ya hita kupitia koki yake ya chini baada ya kuizima umeme, na kubadilisha kartriji ya miksa iliyokwaruzwa na mchanga. Kazi ya saa moja ikala siku nzima, na mama yule alikuwa na haki ya kukasirika.

Ingefanywaje? Chota maji ya shimo mpaka yawe chini ya bomba kabla ya kukata. Ziba ncha zote mbili kwa kitambaa safi. Futa ndani ya kiungo kipya kwa Jik ya asilimia 3.5 iliyochanganywa kipimo kimoja kwa viwili na nusu vya maji. Funga njia ya tanki, ya hita na ya mashine ya kufulia. Kisha fungua koki ya nje iliyo karibu zaidi na mita, ile ya bustani isiyo na chujio, ndipo uende kwenye geti valvu. Zungusha robo tu, subiri hewa ikohoe mpaka iishe, halafu ongeza kidogo kidogo hadi mwisho.

Sasa kasi. Maji yanayotiririka kinyonge hayabebi mchanga. Kwenye bomba la robo tatu unataka ndoo ya lita 20 ijae kwa dakika moja na kidogo. Kwenye la nusu inchi, kwa dakika mbili. Ikichukua dakika tano, unapoteza maji ya mtu bure. Zile mita 30 za robo tatu hubeba kama lita 10 tu, kwa hiyo ndoo moja na nusu inabadilisha maji yote mara tatu. Usihesabu ndoo peke yake, tazama glasi. Maji hayo mwagieni miti.

Koki ya nje ikitakata, ingia ndani: koki moja moja, ukianzia iliyo karibu, upande wa baridi tu. Maji ya moto, choo na tanki vije mwisho.

3. Vueni machujio kabla, si baada

Ziba tundu la sinki kwanza, maana vile vipande vinapenda kupotea humo. Fungua kwa mkono. Chujio likikaza, zungushia kitambaa ndipo utumie plaizi. Panga vipande juu ya taulo kwa mpangilio vilivyotoka: ganda, wavu, kisahani, raba. Suuza kwa maji yanayopita kinyume, piga mswaki. Ukoko mweupe wa chokaa uloweke kwenye siki nusu saa au zaidi. Msichokonoe wavu kwa sindano, mtapanua matundu. Flashi koki ikiwa tupu hivyohivyo, yaani acha maji yapite kwa kasi yaisafishe, kisha rudisha, raba ikiwa mahali pake, ukaze kwa mkono.

4. Yasipotakata

Upande wa moto tu ukiwa mchafu, ni hita. Koki moja tu, na hasa asubuhi, ni kipande cha chuma kilichooza kwenye tawi hilo. Kuflashi kutakupa nafuu ya muda, dawa ni kukibadilisha. Yakitoka machafu hata pale kwenye mita, tatizo liko barabarani: funga, mteja awapigie mamlaka ya maji, na msijaze tanki. Na yakinuka maji taka, mtu asinywe wala asipigie mswaki mpaka mamlaka waje wapime. Kutu pekee kuchemsha hakuiondoi, inatua tu chini ya sufuria.