Kabla ya kukopa mashine ya pili ya alizeti, zidisha namba hizi mbili

Wenye viwanda vya kukamua alizeti ninaowafanyia hesabu hapa Dodoma na Singida huniuliza swali moja kuliko mengine yote: nikope niongeze mashine? Wanakuja na mauzo ya mwaka, bei ya mashine na riba ya benki. Kinachokosekana karibu kila mara ni hesabu ya jinsi faida yao itakavyotikisika mauzo yakishuka kidogo tu. Vipo vipimo viwili vya jambo hilo. Cha kwanza ni kiwango cha nyenzo ya uendeshaji, ambacho kwenye hesabu huandikwa DOL. Cha pili ni kiwango cha nyenzo ya kifedha, yaani DFL. Cha kwanza kinatokana na gharama za kudumu za kiwanda, cha pili kinatokana na riba.

Tuchukue kiwanda kimoja cha mfano. Namba nimezirahisisha, lakini sura yake ni ya viwanda vingi vya kanda hii. Kinauza madumu 12,000 ya lita 20 kwa mwaka, kila dumu shilingi 80,000. Dumu moja linahitaji kilo 65 za mbegu, na mbegu inanunuliwa shilingi 1,000 kwa kilo, kwa hiyo ni 65,000. Baada ya kukamua yanabaki mashudu kama kilo 40, ambayo wafugaji wanayachukua kwa shilingi 400 kwa kilo. Hizo 16,000 zinapunguza gharama ya mbegu hadi 49,000. Ongeza 11,000 za umeme wa mashine, dumu lenyewe, vibarua na usafiri, unapata gharama inayobadilika ya 60,000. Kila dumu linalouzwa linachangia 20,000 kulipa gharama za kudumu na kuleta faida. Kwa madumu 12,000, mchango ni milioni 240.

Gharama za kudumu za mwaka ni milioni 160: mishahara ya wafanyakazi wa kudumu, pango la ghala, ulinzi, bima, uchakavu wa mashine. Faida ya uendeshaji, kabla ya riba na kodi, ni milioni 80.

```
DOL = mchango / faida ya uendeshaji
    = 240 / 80 = 3
```

Maana yake ni kwamba idadi ya madumu ikipanda au kushuka kwa asilimia 1, faida ya uendeshaji inapanda au kushuka kwa asilimia 3. Mlinzi na mwenye ghala wanalipwa kile kile hata mashine zikilala, na ndiyo maana faida inakimbia kuliko mauzo.

Sasa mkopo. Kiwanda kinadaiwa milioni 250 kwa riba ya asilimia 16, kwa hiyo kinalipa riba ya milioni 40 kwa mwaka. Faida inayobaki kabla ya kodi ni milioni 40.

```
DFL = faida ya uendeshaji / (faida ya uendeshaji - riba)
    = 80 / 40 = 2
```

Faida ya uendeshaji ikishuka kwa asilimia 1, faida ya wenye kiwanda inashuka kwa asilimia 2. Vipimo hivi havijumlishwi, vinazidishwa: 3 mara 2 ni 6. Jaribu mwenyewe kwa kupunguza mauzo kwa asilimia 10. Madumu yanakuwa 10,800, mchango milioni 216, faida ya uendeshaji milioni 56, na ukitoa riba inabaki milioni 16. Kutoka 40 hadi 16 ni anguko la asilimia 60. Kodi ya kampuni ya asilimia 30 haibadilishi uwiano huo. Faida baada ya kodi inatoka milioni 28 hadi 11.2, asilimia 60 ile ile.

Mimi huwa naigeuza namba hiyo nikizungumza na mwenye kiwanda, kwa sababu 6 peke yake haimwambii mtu kitu. Gawanya 1 kwa 6, unapata kama asilimia 17. Huo ndio umbali uliobaki kati ya mauzo yake ya leo na mahali ambapo faida inaisha kabisa. Inathibitika kwa njia ya pili: gharama za kudumu milioni 160 na riba milioni 40 ni milioni 200, ukigawanya kwa 20,000 ni madumu 10,000. Mauzo yakishuka kutoka 12,000 hadi hapo, mwaka mzima umefanya kazi ya kulipa mlinzi na benki.

Sasa tulete ile mashine. Inakamua vizuri zaidi, kwa hiyo dumu litahitaji kilo 60 za mbegu badala ya 65. Mbegu inaokoa 5,000, mashudu yanapungua kilo 5 yaani 2,000, na umeme na vibarua vinashuka kwa 1,000. Kila dumu sasa linachangia 24,000. Kwa madumu yale yale 12,000, mchango ni milioni 288. Gharama za kudumu zinapanda kwa milioni 32, kwa uchakavu, fundi wa kudumu na vipuri, na kufika 192. Faida ya uendeshaji inakuwa milioni 96, na DOL ni 288 kwa 96, bado 3.

Hapa ndipo wengi wanasaini. Faida ya uendeshaji imepanda kwa milioni 16 na kiwanda chenyewe hakijawa cha hatari zaidi. Lakini mashine imenunuliwa kwa mkopo mpya wa milioni 200, riba milioni 32. Jumla ya riba ni milioni 72, na faida iliyobaki ni milioni 24. DFL imepanda kutoka 2 hadi 4, na zao la vipimo viwili ni 12. Umbali wa kufika kwenye hasara umepungua kutoka asilimia 17 hadi kama asilimia 8. Mashine ni nzuri kweli, tatizo ni namna ilivyolipiwa.

Mkopo huo una mahali unapolipa. Ukilinganisha kiwanda cha zamani na kipya, vinatoa faida sawa vikiuza madumu 16,000. Juu ya hapo mashine ya mkopo inashinda, chini yake inashindwa. Kwa hiyo swali la kujibu kabla ya kwenda benki ni hili: utapata wapi tani 960 za mbegu? Katika kanda yetu viwanda vingi vinasimama kwa kukosa mbegu, mashine zikiwa nzima kabisa. Kama mawakala wako wa Kongwa, Mpwapwa na Iramba hawajawahi kukujazia ghala, mashine ya pili haitawafanya wakujazie.

Njia nyingine ni kumwingiza mwenzenu. Tuseme wenye kiwanda waliweka milioni 300, na mbia mpya analeta milioni 200 kwa asilimia 40 ya umiliki. Riba inabaki milioni 40, faida kabla ya kodi ni milioni 56, na wenye kiwanda wa mwanzo wanapata asilimia 60 yake, milioni 33.6. Ni pungufu ya 40 waliyokuwa wakipata, lakini ni zaidi ya 24 ya mkopo, na DFL ni kama 1.7 tu. Mzee mmoja wa Kizota niliyempitisha kwenye hesabu ya namna hii aliniambia, "Mwanangu, benki haitaki kukaa kwenye kikao changu, mbia atataka." Ni hoja ya haki, na hakuna kipimo kinachoijibu. Ninachoweza kusema ni kwamba mkopo unampita mbia pale tu kiwanda kinapouza zaidi ya madumu 13,000.

Vipimo hivi vinaharibika kirahisi pale gharama zinapogawanywa vibaya, na umeme ndio unaosumbua zaidi. Mara nyingi mashine, taa na ofisi vinapita kwenye mita moja ya LUKU, na mhasibu anaweka umeme wote kwenye gharama zinazobadilika. Tafuta risiti za Februari au Machi, ghala likiwa tupu na mashine zimezimwa. Yuniti zilizotumika mwezi huo ndizo umeme wako wa kudumu, zilizozidi wakati wa kukamua ndizo zinazobadilika. Vivyo hivyo kwa vibarua: wale unaowalipa hata siku zisizo na kazi ili wasihame ni gharama ya kudumu, hata kama daftari linawaita vibarua.

Tena usikokotoe DOL kwa mwezi. Alizeti yetu inavunwa kuanzia Mei, na miezi ya ghala tupu faida ya uendeshaji ni hasi, kwa hiyo kipimo kinatoa namba isiyo na maana. Tumia mwaka mzima unaoanza na mavuno. Na ukiwa karibu na madumu 8,000, pale ambapo faida ya uendeshaji ni sifuri, DOL inaruka sana: kwa kiwanda cha kwanza, kwenye madumu 8,500 inakuwa 17. Kipimo ulichokokotoa kwenye 12,000 hakitumiki huko.

Mkopo wa msimu wa kununulia mbegu nao uuangalie peke yake. Ukinunua mbegu kidogo unakopa kidogo, kwa hiyo riba yake inatembea na uzalishaji, na ukiichanganya na riba ya mashine DFL itaonekana kubwa kuliko ilivyo. Marejesho ya mkopo wenyewe, kinyume chake, hayaonekani kabisa kwenye DFL. Milioni 200 za miaka mitano ni milioni 40 za fedha taslimu kila mwaka, juu ya riba.

Lakini kubwa kuliko yote ni bei ya mbegu. DOL inapima mabadiliko ya idadi ya madumu huku bei zote zimetulia, na kwa mkamuaji bei hazitulii. Bei ya mafuta sokoni inabanwa na mawese yanayotoka Malaysia na Indonesia, kwa hiyo mbegu ikipanda huwezi kumpandishia mteja upendavyo. Mbegu ikipanda kwa asilimia 10 tu, kutoka 1,000 hadi 1,100, mchango wa dumu kwenye kiwanda cha kwanza unashuka kutoka 20,000 hadi 13,500. Faida ya uendeshaji inatoka milioni 80 hadi milioni 2, na baada ya riba ni hasara ya milioni 38. DOL ya 3 haikukudokezea hilo.

Kwa hiyo pamoja na vipimo viwili naandika namba ya tatu, bei ya mwisho ya mbegu ambayo kiwanda kinaweza kulipa bila kuingia hasara, bei za mafuta na mashudu zikibaki zilivyo. Kiwanda cha kwanza kinaweza kupandisha bei kwa shilingi 51 kwa kilo. Kiwanda chenye mashine mpya ya mkopo, kwa madumu yale yale, kinaweza kupandisha kwa shilingi 33. Wakala anayeshindana na wanunuzi wengine pale Kibaigwa anaziongeza shilingi hizo asubuhi moja, na anapaswa kuijua namba hiyo kabla hujamkabidhi fedha za kununulia.