Hotuba ya harusi inanikata pumzi

"Nimeandika hotuba ya harusi ya dada, Jumamosi hapa Kasarani. Nikiisoma kwa sauti naishiwa pumzi. Nifanyeje?"

Isome ukiwa umesimama. Pumzi inapokatika, weka nukta hapo. Tuseme uliandika: "Dada yangu, aliyenilea mama aliposafiri na kunilipia karo, leo anaolewa." Mdomoni iwe hivi:

Mama aliposafiri, dada alinilea.
Karo ilipokosekana, dada alilipa.
Leo, dada anaolewa.

Kila kifungu na mstari wake kwenye karatasi, na unyamaze kidogo baada ya "leo". Mtu akikushauri urudie kila wazo, atakuwa amekosea kidogo: "dada" linagonga kwa sababu hakuna neno jingine linalorudiwa. Mara tatu yatosha. Ya nne, wageni wataanza kuhesabu.