Maneno ya kuweka chini ya picha ya tangazo la Zakatul Fitri

Ramadhani ikiingia kumi la mwisho, simu ya mhazini wa msikiti wetu haipumziki. Wanaopiga huuliza yale yale: kwa kichwa ni shilingi ngapi, nitume wapi, mwisho lini, na je, naweza kuleta mchele wangu mwenyewe? Tangu nikabidhiwe kazi ya kuandika matangazo, simu hizo ndizo kipimo changu. Zikiwa nyingi, najua tangazo halikujitosheleza.

Mstari wa kwanza useme ni mchango gani, kwa nani na mwisho lini. Salamu na dua ziwe fupi, kwa sababu Instagram huonyesha mistari michache tu kisha hukata. Ukianza na aya nzima na tafsiri yake, tarehe ya mwisho itafichika, na wengi hawagusi hapo pa kusoma zaidi. Usichanganye pia michango. Zakatul Fitri ina watu wake na wakati wake, kwa hiyo tangazo moja linaloomba fitri, futari na bati za paa humwacha mtoaji na shaka pesa yake imeingia fungu gani.

Kisha kiwango. Asili yake ni pishi moja ya chakula kikuu kwa kila mtu, yaani vibaba vinne. Kwa mizani ya dukani, wengi huhesabu kati ya kilo mbili na nusu na tatu. Sisi imamu wetu ametuchagulia tatu. Na kwa kuwa wengi wetu huku pwani ni Mashafii, na kwao kinachotolewa ni chakula, lazima tangazo liseme wazi kwamba anayetuma pesa anaipa kamati uwakala wa kumnunulia mchele. Sentensi hiyo moja huwatuliza wazee kuliko maelezo marefu. Tuseme mchele ni shilingi 3,000 kwa kilo. Maneno yangu yangekuwa hivi:

"Assalamu alaykum. ZAKATUL FITRI 1447: tunapokea hadi Jumatatu 16 Machi 2026, saa 4 usiku, baada ya Tarawehe.
Kiwango: kilo 3 za mchele kwa kila mtu, au Sh 9,000. Kaya ya watu watano ni Sh 45,000. Ukituma pesa, umeipa kamati uwakala wa kukununulia mchele.
Lipa Namba: ______. Jina litakalotokea: ______. Likitokea jina jingine, usiendelee.
Mchele uletwe ofisi ya msikiti, baada ya Alasiri hadi Magharibi.
Maswali: mhazini, ______.
Mwenyezi Mungu akutakabalie funga na sadaka zako."

Namba ya malipo iandikwe kwenye maneno hata kama ipo pichani, maana pichani mtu hawezi kuigusa akainakili. Ataikariri, na tarakimu moja ikipotea pesa inakwenda kwa mwingine. Jina litakalotokea ndilo kinga dhidi ya matapeli wanaochukua bango lenu na kubadilisha namba. Likiwa ni jina la mtu badala ya la msikiti, eleza ni nani na ana cheo gani kwenye kamati.

Tarehe usiandike "kabla ya Idi" wala "siku ya mwisho ya Ramadhani". Mwezi unaweza kuandama ishirini na tisa, na kamati inahitaji siku mbili tatu za kununua, kupima na kugawa ili chakula kiwafikie watu kabla ya swala ya Idi. Na "usiku wa Ijumaa" kwa wazee ni Alhamisi baada ya Magharibi, kwa vijana ni Ijumaa yenyewe. Taja tarehe, saa, na swala iliyo karibu nayo.

Kuhusu wanaopokea, mimi naandika "kaya zenye haki ya kupokea" au "ndugu zetu", basi. Sura ya Al-Baqarah, aya ya 264, imekataza kuiharibu sadaka kwa masimbulizi na udhia, na picha ya bibi akikabidhiwa mfuko huku kamati nzima imejipanga nyuma yake haiko mbali na hilo. Weka picha ya magunia. Wala usitangaze hadharani saa na mahali pa kugawa; utaita foleni, na mwenye haya atabaki nyumbani na njaa yake. Walengwa wanajulikana mtaani, mfuko upelekwe nyumbani kwao.

Swala ya Idi ikishaswaliwa, hariri mstari wa kwanza kwenye Facebook na Instagram uandike "MAPOKEZI YAMEFUNGWA", kwa sababu kinachotolewa baada ya hapo huhesabiwa sadaka ya kawaida. WhatsApp haikuruhusu kuhariri ujumbe baada ya dakika 15, na uliosambazwa kwingine huna mamlaka nao. Ndiyo maana mwaka uko kwenye mstari wa kwanza: ukiibuka tena Ramadhani ijayo kwenye kundi la ukoo, msomaji ataona ni wa zamani kabla hajafika kwenye Lipa Namba.